Bahati ya Namba Moja

Msimamizi wangu wa uzamili pale chuoni Kisii alitaka tuandike kwamba programu yetu ya kutambua magonjwa ya migomba kwa picha imeishinda ya zamani. Nilikataa katakata. Ushindi wenyewe ulitokana na namba moja ya nasibu ambayo kompyuta huanzia nayo inapoifunza programu, naye aliichagua baada ya kujaribu nyingi na kuona ipi inatupa matokeo mazuri. Nilizifunza programu zote mbili upya kwa namba kadhaa zilezile. Zikawa zinapokezana kuongoza. Kisha nikaondoa kile kipande kipya cha programu yetu tulichojivunia kuwa ndicho kinachoipa ushindi, mengine yote nikayaacha yalivyo. Wastani wa usahihi wake haukutikisika.

“Utachelewa kuhitimu,” akanionya.

“Wacha nichelewe, mwalimu. Bahati ya namba hiyo haitafika kwenye migomba ya mama yangu kule Manga.”