Bashi sitini kabla ya Ijumaa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnapenda kusema "hakuna shida" kabla mtu hajamaliza kuwatajia shida yenyewe. Kaeni chini. Mi sikusoma sana, niliacha shule mwaka wa tatu, lakini kuhesabu kazi ya mikono yangu ninajua.

Ilikuwa ule wakati mine, migodi yetu, zilikufa. Kiwanda kilinyamaza, mshahara ukawa hadithi, na watu wakaanza kumtafuta wa kumlaumu. Wakawaona watu wa asili ya Kasai. Majirani tuliokula nao bukari, ugali wetu, miaka yote walitolewa nyumbani na vijana wenye marungu, wakapelekwa gare, kituo cha treni, wakalala chini kwenye saruji wakingojea mabehewa ya kuwarudisha kwa babu zao, mahali ambapo wengi hawajawahi kupaona. Na mvua ilikuwa imeanza.

Mi nilikuwa nashona barazani kwangu, hapa Kolwezi. Mashine tatu: yangu, ya mke wa mwanangu, na ya tatu, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilikuwa ya mwenzangu. Mwenzangu huyo tulishona pamoja miaka kumi na moja. Yeye ni Mkasai. Wiki moja kabla, walikuwa wamemtoa kwake na bwana yake na batoto wanne, na mashine yake ikabaki kwangu kwa sababu ndipo ilipokaa siku zote.

Jumanne asubuhi akaja tata mmoja, mzee wa komite ya paroisi, kanisa letu. Zamani alikuwa karani wa mine, shati lake bado limepigwa pasi ingawa kola imeisha. Nyuma yake mkokoteni umejaa magunia matupu ya nailoni, yale yaliyokuwa yanaleta chokaa kiwandani.

"Mama," akasema, "tunataka bashi, maturubai ya kufunika watu ndani ya mabehewa. Hayana paa. Mia na makumi mbili. Treni inaondoka Ijumaa asubuhi. Alhamisi jioni nichukue zote."

Nikamkaribisha kiti kwanza. Nikashika gunia moja, nikalikung'uta. Vumbi jeupe likamwagika miguuni mwangu.

"Tata, asante kwa kutufikiria. Kazi hii tutaifanya. Lakini mia na makumi mbili kwa Alhamisi, hapana. Sitakudanganya."

"Mama, watu bananyeshewa!"

"Ninajua. Njo maana sitakudanganya."

Nikamweleza polepole. Bashi moja ni magunia sita yaliyopasuliwa na kuunganishwa, na kila mshono unakunjwa mara mbili ili maji yasipite. Mtu mmoja, akishona kutwa, anatoa kumi. Na kabla ya sindano kuna maji. Chokaa ikikutana na mvua inaunguza ngozi. Magunia haya lazima yafuliwe mara tatu na kukauka, na leo yote itaishia hapo. Zinabaki siku mbili.

Akanyoosha kidole kwenye baraza. "Mashine ni tatu. Tatu mara kumi mara siku mbili, sitini. Mukishona na usiku, mia na makumi mbili. Hesabu inatoka."

"Usiku hakuna kurani, umeme wa taa, tata. Na mashine haishoni yenyewe. Mwenye ile ya tatu yuko gare, ni mmoja wa hao unaotaka kuwafunika."

Akacheka kwa uchungu. "Mama, sasa umekuwa ingenieri?"

"Maingenieri walikimbia. Nimebaki mi."

Nikaona uso wake umelegea kidogo, nikasema lile nililokuwa nimelipanga moyoni wakati anahesabu.

"Sikia, tata. Nipe ruhusa ya askari niingize mashine ya mkono pale gare. Mwenzangu atashona palepale. Hapo kesho jioni unapata thelathini, na hizo uwape wenye batoto wachanga na wagonjwa. Alhamisi jioni thelathini nyingine, za wazee na wenye mimba. Sitini za mwisho, za wale wenye nguvu na batoto wakubwa, Jumatatu jioni, kwa treni inayofuata. Kila fungu litakuwa limekamilika, hakuna bashi nusu. Wewe unaniletea ruhusa, mapipa ya maji na uzi, leo kabla ya saa sita. Ukichelewa wewe, nitachelewa mimi, na nitakuambia mapema."

"Na nikienda kwa fundi mwingine, anayesema ndiyo?"

"Nenda kwa heshima zote. Lakini muulize magunia atayafua saa ngapi."

Hakwenda. Saa tano mapipa yalifika, na karatasi yenye muhuri.

Pale gare mwenzangu aliiweka mashine juu ya sanduku la bati, akashona akiwa amepiga magoti, mkono mmoja unazungusha, mwingine unaongoza nailoni. Nilipomweleza mafungu alinitazama. Batoto wake, mdogo alikuwa na miaka tisa.

"Kwa hiyo mi niko fungu la tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Umepanga vizuri," akasema, akauma uzi. "Mukubwa wa roho ngumu weye."

Jumatano jioni tulitoa thelathini. Alhamisi jioni thelathini. Tata wa komite alizipokea moja moja, akavuta kila mshono, hakuna uliofunguka.

Ijumaa asubuhi wakaanza kusoma majina. Wasomaji hawakuwa na habari ya mafungu yangu. Mabehewa hayakutosha watu wote, kama nilivyodhani, lakini aliyepanda ni yule aliyeitwa, awe na bashi au hana. Jina la bwana ya mwenzangu likaitwa la saba.

Tata wa komite akanivuta pembeni. Bashi moja ilikuwa bado begani kwake, ya mzee aliyekuwa bado hajaitwa. "Mama, mupatie huyu. Ameshona makumi mbili."

Mi nilinyoosha mkono kuichukua. Ninakiri. Mwenzangu akaniwahi.

"Rudisha. Nimeishona mwenyewe, ninajua ni ya nani."

Akanisukumia mashine yake kifuani. "Hii huko njiani askari watainyang'anya. Kaa nayo."

Akapanda. Behewa lilikuwa la madini, kutu tupu. Alitandaza kitenge chake juu ya vichwa vya batoto wanne, na kabla treni haijapita nyumba za mwisho mvua ilishuka. Kitenge kililowa palepale, nikakiona kinawagandia. Sijapata habari yake tena. Waliorudi miaka ya baadaye walisema njiani walizika watu kando ya reli. Majina hawakuyajua.

Sitini za mwisho nilizitoa Jumatatu jioni, kama nilivyosema. Watu wananiuliza, je, kama ningesema ndiyo? Ningesema ndiyo, watu mia na makumi mbili wangengoja bashi sitini bila kujua nani akose, na zingine zingewaunguza kwa kukosa kufuliwa. Nilisema ukweli, na ukweli ulikuwa na nafasi ya mwenzangu kukosa. Yote mawili ninalala nayo.

Nilipofika nyumbani ile Ijumaa, bwana yangu alikuwa ameshapata mtu wa kununua mashine ya mkono. Njaa ilikuwa kali, simlaumu. Niliiweka mahali pake barazani, ya tatu, nikawaita wote, yeye, mwanangu na mke wake.

"Hiyo haiuzwi. Hakuna atakayeikalia. Mutaitia mafuta kila Jumamosi mpaka mwenyewe arudi, na mi nikifa, mutaendelea."