Tiki Niliyoitoa Baada ya Adhuhuri

Steshenari ya shangazi yangu iko Kibiti, karibu na njia ya kwenda sokoni. Ina mashine ya fotokopi, printa, laptop moja iliyochoka, na kiboksi cha wifi tulichokifunga kwa uzi kwenye nondo za dirisha, kwa sababu pale ndipo kinaponasa mtandao. Shule ikifungwa nashinda pale. Kazi yangu ni kuchapa. Nachapa haraka, na kuchapa hakuhitaji maneno mengi. Mgeni akiniuliza jina langu, naweza kukaa muda nalitafuta kama vile sikuzaliwa nalo.

Shangazi ana desturi yake. Adhana ikilia, anaifunika laptop, hata kama kazi iko katikati, anatandika juu yake kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, kisha anakwenda kutawadha. Anasema si vizuri kioo kikae kinawaka wakati watu wanaitwa kusali. Laptop ikifunikwa, inalala. Akirudi anakiondoa kitambaa, anaifungua, na hapo ndipo taabu ilipokuwa ikianza. Kwenye alama ya wifi kunatokea kialama cha njano na neno "Limited". Yaani imeshika wifi, lakini hakuna kinachopita.

Dawa yake ilikuwa kuzima kiboksi na kukiwasha. Ikigoma, anawasema watu wa kampuni ya simu. Ikigoma kabisa, anaizima laptop yote na kuiwasha upya. Hiyo ilikuwa inakubali, ila kwa uzee wake ungeweza kupika chai ukainywa kabla haijawa tayari. Mimi nilikatazwa kugusa mipangilio. Likizo iliyopita nilijaribu kurekebisha printa nikaipoteza kabisa kwenye kompyuta, na fundi akaitwa kutoka Ikwiriri. Sikatai, ni kosa langu.

Siku hiyo alikuja mama mmoja kutoka kisiwa cha Mbuchi. Alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake vyeti vya binti yake na karatasi yenye neno la siri. Binti alikuwa anaomba nafasi kwenye chuo cha uuguzi, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwenyewe alibaki nyumbani anamuuguza bibi yake. Gari la mama la kurudi lilikuwa linaondoka saa kumi.

Nilijaza ukurasa wa kwanza, wa pili, nikawa katikati ya wa tatu. Adhana ya adhuhuri ikalia. Shangazi akafunika, akatandika kitambaa. Sote tukaenda kusali. Tuliporudi tukala ubwabwa aliokuwa ameuleta, ndipo akafungua.

"Limited."

"Haya, imeanza," shangazi akasema, akaenda dirishani kuzima kiboksi.

Mama wa Mbuchi, aliyekuwa akimwita shangazi wifi yake kwa utani, akaiangalia laptop. "Wifi, hii mashine yako nayo imekula ubwabwa? Mbona imeamka na usingizi?"

"Mtandao huo, wifi. Siyo mashine."

"Kwetu kisiwani tunasema mtandao hakuna. Nimekuja mjini nako hakuna. Sasa mtandao unakaa wapi?"

Alikuwa anatania, lakini mkono wake ulikuwa umeukaza ule mfuko. Kiboksi kikawaka tena, taa zote kijani. Laptop bado "Limited". Shangazi akanyoosha mkono aizime. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane.

Nilikuwa na jambo la kusema na sikuwa nimelisema kwa yeyote. Mimi huandika kila jioni kwenye daftari, na kwa kuwa pale dukani hakuna mengi ya kuandika, nilikuwa naandika hata siku laptop inapogoma. Wiki ile nilisoma tena niliyoyaandika nikaona kitu: haijawahi kugoma asubuhi. Haijawahi kugoma tukiwa katikati ya kazi. Inagoma baada ya kitambaa tu.

"Shangazi, naomba simu yako," nikasema.

"Ya nini?"

"Niangalie kitu."

Simu yake inatumia wifi ileile. Nikafungua ukurasa wa habari, ukaja upesi. Nikamwonyesha. Sauti ilikuwa inanitoka kidogokidogo lakini niliisukuma. "Mtandao upo. Tatizo ni laptop, na ni pale inapolala. Usiizime kwanza. Nipe dakika kumi."

"Utanipotezea na hii kama printa?"

"Sitaipoteza."

Mama wa Mbuchi akamwambia, "Mwache mtoto, wifi. Wewe umekizima kiboksi na kukiwasha, umepata nini?"

Shangazi akavuta kiti akakaa nyuma yangu, karibu kabisa, kama msimamizi wa mtihani.

Nilitafuta kwenye simu kwa Kiingereza changu cha darasani. Watu wengi walikuwa na ugonjwa uleule. Walieleza kwamba kompyuta inaruhusiwa kuikatia umeme kadi yake ya wifi ili itunze betri, na kadi nyingine zikishakatiwa haziamki sawasawa. Waliandika na mahali pa kuangalia. Nikaingia Device Manager, penye orodha ya vifaa vya kompyuta, nikashuka mpaka kwenye vifaa vya mtandao, nikabofya mara mbili kadi ya wifi, nikafungua sehemu ya Power Management, ya matumizi ya umeme. Palikuwa na kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hiki ili kuokoa umeme. Kilikuwa na tiki.

"Hiyo tiki nani kaweka?" shangazi akauliza.

"Imekuja nayo."

"Ukiitoa, betri si itaisha?"

"Itapungua kidogo tu."

Nikaitoa, nikabofya OK. Nikaangalia alama ya wifi. Bado njano.

Nilitaka kusema basi, tuizime. Lakini nikafikiri: tiki inazuia isikatiwe tena, haimwamshi aliyekwishalala. Nikarudi kwenye ile kadi, nikaizima yenyewe peke yake, nikahesabu mpaka tano, nikaiwasha. Alama ikapotea, ikarudi, ikazunguka. Kile kialama cha njano hakikurudi.

"Imekubali?" mama akauliza.

"Imekubali."

Tovuti ya chuo ilitudai neno la siri upya, maana tulikaa sana. Mama akanisomea kutoka kwenye karatasi, herufi moja moja, taratibu. Ukurasa wa kwanza na wa pili ulikuwa umehifadhiwa. Wa tatu nikauandika upya. Nikapandisha vyeti, nikamsomea mama kila kitu kwa sauti, naye akawa anaitikia, "Ndiye huyo, ndiye mwanangu." Nikatuma. Nikamchapia karatasi ya uthibitisho, akaikunja akaiweka ndani ya mfuko pamoja na vyeti.

Alikuwa anavaa viatu mlangoni wakati adhana ya alasiri ilipolia. Shangazi aliniangalia kwanza, ndipo akaifunika laptop na kutandika kitambaa. Mama wa Mbuchi akavua viatu tena. "Nasali hapahapa," akasema. "Gari litanikuta barabarani. Nataka niione ikiamka."

Tulisali. Shangazi akakiondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akafungua. Sote watatu tulikuwa tumeinama juu ya kona ile ndogo ya kioo. Alama ilizunguka kidogo, ikatulia nyeupe, haina njano.

"Enhe," mama akasema, akachukua mfuko wake, akatoka kwa haraka kuliwahi gari.

Baadaye, wakati nafagia, shangazi aliniita nikaangalie printa, karatasi zilikuwa zinakwama.