Wembe wa Musembi na Pua ya Mwalimu Kambi

Kwa miezi mitano ya mwaka 1984, nusu ya Kilifi iliamini kwamba Musembi, kinyozi wa Kibarani, hajui kunyoa. Aliyeeneza habari hizo alikuwa Mwalimu Kambi, hedimasta, mtu wa maneno machache ambayo alihakikisha yamemfikia kila mmoja.

Mwalimu alizaliwa bila rangi ya ngozi ya kumkinga na jua, na kwa miaka hamsini jua la Pwani halikumwonea haya. Mwanafunzi aliyemwita zeruzeru aliandikishwa jina “Kambi” mara mia, kwa hati nzuri. Sasa kando ya pua yake palikuwa na kijipele kinachong'aa kama lulu, na kila Jumamosi wembe ukipita jirani yake, kilitoka damu. Kilifunga gamba, kikajifanya kimepona, kisha gamba likabanduka na mambo yakaanza upya.

“Umenikata tena, fundi.”

“Mwalimu, hapo sijagusa.”

“Basi damu imeamua kutoka kutembea.”

Waliokaa benchini walicheka. Musembi, Mkamba aliyeteremka kutoka Machakos akiwa na nyembe mbili na mkono usiotetemeka, hakucheka. Alinunua wembe mpya, akabadilisha jiwe la shabu alilopaka nyuso zilizonyolewa ili kuzuia damu, akaacha kahawa. Haikusaidia. Wateja walihamia ng'ambo ya barabara kwa kinyozi mwenzake Njoroge, ambaye mikono yake ilitetemeka waziwazi, ila hakuwa na hedimasta wa kumtangaza. Hata Fondo, mteja wake kwa miaka tisa, alianza kupita mbele ya duka akitazama juu kama mtu anayehesabu ndege.

Faida ya kukosa wateja ni kwamba mtu hupata muda wa kutazama. Jumamosi moja Musembi aligeuza kiti kikabili mlango, akavaa miwani, akaukagua uso wa Mwalimu kabla ya kushika wembe. Kijipele kilikuwa na ukingo wa kung'aa, katikati pamebonyea, na juu yake vishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi. Kisha akaona kingine, juu kabisa ya sikio. Hicho hakikung'aa. Kilikuwa kigumu, kinakwaruza, kimejaa gamba, na chini ya gamba palikuwa pabichi.

“Na hiki, Mwalimu?”

“Kina miezi miwili. Nikikilalia kinauma.”

“Nacho nilikukata mimi?”

Mwalimu alipapasa sikio lake.

“Wembe wangu ulifuata nini huko juu? Kuna ndevu?”

“Hapo amekushika, Mwalimu,” alisema Mzee Kaingu kutoka benchini, akiwa amekuja kwa ajili ya kivuli tu.

“Twende hospitali,” Musembi akasema. “Wakisema ni wembe, nafunga duka, narudi Machakos.”

Katika hospitali ya wilaya, daktari wa ngozi alifika mara moja kwa mwezi. Wakamsubiri siku yake. Alikuwa Dokta Adhiambo, na alipomwona Musembi ameingia pamoja na mgonjwa, alimwuliza yeye ni nani.

“Mshtakiwa,” alisema Musembi.

Dokta aliivuta ngozi kando ya pua, akaitazama kwa lenzi, akalitazama sikio, kisha akapapasa shingo ya Mwalimu na chini ya taya, polepole.

“Mkato wa wembe hupona ndani ya wiki mbili,” alisema. “Kidonda kinachofunga na kufunguka kwa miezi si cha wembe. Nashuku hizi ni kansa za ngozi, mbili, za aina tofauti. Hii ya puani huenda polepole na ni nadra kusafiri, lakini ikiachwa itakula pua. Ya sikioni ndiyo ya kuharakisha, maana hiyo yaweza kushuka kwenye tezi za shingo. Sijaona tezi iliyovimba. Mmewahi.”

“Asante Yesu!” alisema Musembi kwa sauti, kisha akaziona nyuso zao. “Samahani, Mwalimu. Nilikuwa upande wa wembe.”

“Nimekuelewa,” alisema Mwalimu.

Dokta alikata vipande vidogo vipelekwe maabara Mombasa, na wiki tatu baadaye majibu yalikubaliana naye. Mwalimu akaenda Mombasa, akapigwa ganzi, na vyote viwili vikaondolewa pamoja na ngozi nzima kidogo pembeni, kusudi lisibaki shina. Sikio lilipungua ncha. Aliagizwa mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana, na kurudi kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu. Kofia alichukua ya mkewe Kadii, iliyosukwa kwa ukili wa mkindu, na hakuna aliyethubutu kuitania.

Jumamosi iliyofuata kutolewa kwa nyuzi za mshono, alisimama mbele ya duka la Musembi kama yuko paredi ya shule.

“Nilisema fundi huyu alinikata. Nilikosea. Ilikuwa kansa. Mwenye kidonda kisichopona mwezi mzima asimsingizie kinyozi, aende hospitali. Kuna swali?”

Ng'ambo, Fondo alinyanyuka kwenye kiti cha Njoroge, shavu moja limenyolewa, jingine bado povu, akavuka barabara.

“Nimalizie, ndugu yangu,” alisema.

“Kaa benchini,” alisema Musembi, akifungua wembe. “Mwalimu ndiye wa kwanza.”