Kivuli cha Waya Uani

Clemens alizizoea zaidi nyuso zilizotulia kwenye kompyuta kuliko zile zinazojibu. Alimaliza darasa la saba kwao Ushetu, akalima tumbaku na baba yake mpaka vidole vikashika rangi, kisha akaja Geita na kamera ya kuazima. Sasa alikuwa na studio yake mwenyewe Kalangalala, chumba kimoja chenye pazia la bluu. Alipiga picha za pasipoti, za ubatizo, na alisafisha picha za marehemu ili ziwekwe kwenye jeneza. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mwanawe, Paschal, alikuwa na maisha yake Kahama.

Jirani yake alikuwa Evelina, mjane aliyeuza wali na maharage kibandani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Jenifa. Clemens alikula kwake kila mchana na kumwambia kwamba chumvi imekaa vizuri. Mengine aliyameza pamoja na wali.

Kwa hiyo alipoingia studio Bartholomeo, mwanaume wa Mwakitolyo aliyekuwa akimchumbia Mama Jenifa, Clemens alijifanya anatafuta waya wa chaja.

"Mwangaluka, fundi," Bartholomeo alisalimia kwa Kisukuma, akampa simu. "Nina kazi ndogo. Nitolee huo wavu wa mbele. Halafu ukuta uupake rangi, lile rundo la mchanga wa karasha ya kusagia mawe ya dhahabu ulifute, na mimi, picha yangu imo humo humo, uniweke mlangoni, nimesimama kama mtu mwenye kwake."

Clemens aliitazama picha. Nyumba ya tofali, bati jipya, ua mpana, na mbele ya vyote uzio wa waya wenye matundu ya umbo la almasi uliokata kila kitu vipande vipande.

"Nyumba ya nani?"

"Swali la polisi hilo. Yangu. Mama Jenifa anataka kuiona kabla hajafunga kibanda ahamie kwangu."

"Na picha alipiga nani?"

"Mimi mwenyewe."

Clemens aliinamisha kichwa. Mtu gani hupiga picha ya nyumba yake akiwa nje ya uzio, na geti linaonekana pale pembeni? Akauliza polepole, "Mbona hukuingia ndani?"

"Jua lilikuwa zuri kwa nje."

Jua la nje na jua la ndani ya uzio ni lile lile, Clemens aliwaza.

"Anza na ukuta," Bartholomeo alisema, akivuta stuli. "Nione rangi kwanza. Waya utamalizia."

"Haiwezekani. Nikipaka ukuta sasa hivi, nitapaka na waya. Nikikuweka mlangoni, utakuja mbele ya wavu wakati mlango uko nyuma yake, na wavu utakatikia kiunoni mwako. Waya unatoka kwanza, ndipo cha nyuma kiguswe."

"Haya bwana. Nitarudi kesho kutwa. Na usimwonyeshe mtu."

Hilo neno la mwisho lilibaki chumbani baada ya mwenyewe kuondoka.

Clemens alianza. Aliikuza picha mpaka uzi mmoja wa waya ukawa mnene kama kamba ya mbuzi, akaufuata kwa kipanya, akiupaka alama nyekundu, uzi baada ya uzi. Kompyuta ilijaza palipofutwa kwa kuchukua rangi ya jirani. Kwenye udongo na anga ilifanya vizuri. Kwenye bati ilipindisha migongo yake, na pale waya ulipopita juu ya ukingo wa mlango ilizua tofali ambalo halikuwepo. Sehemu hizo alizirudia kwa mkono, akinakili kipande kizima cha pembeni na kukilaza juu ya jeraha.

Kadiri waya ulivyotoka ndivyo alivyozidi kutopenda alichokuwa akifanya. Ule waya ndio uliosema mpiga picha alisimama wapi. Bila huo, mtazamaji angejikuta uani, kama aliyekaribishwa. Halafu akajishuku na yeye. Je, angeuliza maswali haya kama mchumba angekuwa wa mwanamke mwingine? Alizima kompyuta, akaiwasha tena.

Uzio ulipokwisha kabisa, aliona kitu kilichobaki. Jua la jioni lilikuwa nyuma ya mpiga picha, likakisukuma kivuli cha wavu hadi ndani ya ua. Pale chini, juu ya udongo mtupu, zilikuwepo almasi nyembamba zilizonyooka kuelekea mlangoni. Fundi mzuri hufuta kitu na kivuli chake. Clemens alilijua hilo. Lakini alikuwa ameambiwa atoe wavu, akautoa. Alifuta rundo, akapaka ukuta rangi ya maziwa, akamweka Bartholomeo mlangoni akiwa na kivuli chake kilichoelekea upande ule ule. Zile almasi aliziacha, akachapa.

Bartholomeo alirudi kuichukua, akafurahi. Hakutazama chini. Alijitazama mwenyewe.

Siku iliyofuata Mama Jenifa aliingia studio, mikono ikinuka kitunguu, picha ikiwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Baba Paschal, hii umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Mimi nafuga kuku. Jua likilala, banda langu la wavu huchora hivi hivi chini." Aliweka kidole kwenye udongo wa picha. "Banda liko wapi hapa?"

Clemens aligeukia printa. "Mwulize mwenyewe," alisema.

"Nakuuliza wewe."

"Kazi ya mteja, Mama Jenifa."

Mama Jenifa aliirudisha picha mfukoni. Jumapili baada ya misa alipanda gari kwenda Mwakitolyo na dada yake Scolastika, bila kumwambia mchumba. Clemens alishinda akiwaza atakayoyakuta huko: mke mwingine, watoto, pengine nyumba ya tajiri ambaye Bartholomeo alikuwa mlinzi wake. Alitamani yote matatu.

Jioni Mama Jenifa alirudi, akaketi kwenye stuli ya wateja na vumbi lake la safari.

"Nyumba ni yake," alisema.

Clemens alizima kompyuta.

"Alijenga yeye, na majirani wanajua. Ila kaka zake wanasema kiwanja ni cha marehemu baba yao, wakabadilisha kufuli. Mwaka wa pili huu anaizunguka kwa nje. Nimemkuta huko huko, amesimama kwenye uzio. Alikuwa akitumaini nikishahama kwangu, tutaingia wote kwa nguvu ya ndoa, kaka zake waone haya kunifukuza."

"Kwa hiyo hakudanganya sana."

"Nimemwambia arudi kwa kaka zake wamalize. Angeniambia amefungiwa nje, ningekwenda kubisha hodi pamoja naye, mimi sina aibu ya kubisha hodi. Lakini ameona bora anionyeshe mlango asioweza kuufungua. Kibanda sifungi." Alijipangusa vumbi shingoni. "Sasa tuje kwako. Kile kivuli ulikisahau?"

"Hapana."

"Ulikiacha makusudi, ukakaa kimya, ukangoja nikione. Na nisingekiona?"

Clemens alishika kipanya ingawa kompyuta ilikuwa imezimwa. "Niliogopa utadhani ni wivu."

"Ulikuwa ni wivu?"

Nje, bodaboda alikuwa akimwita Mama Jenifa, akiuliza kama leo watu wanalala njaa.

"Wivu ulikuwepo," Clemens alisema. "Na mashaka nayo yalikuwepo. Sikujua kipi ni kipi."

"Ungeniambia yote mawili, mwanaume mzima wewe. Ningechambua mwenyewe, kama mchele." Alisimama, akamwambia bodaboda asubiri moto uwake, akatoka.