Mkosa Kitoweo na Paka wa Kocha

Waandishi wa michezo walimwita Mama Daftari, kwa sababu hakuingia ukumbini bila daftari lake la waya na kalamu mbili, ya pili ikiwa ya tahadhari. Alifundisha lugha sekondari miaka kumi na tisa kabla klabu haijaajiri kocha Mreno na kugundua, siku kocha anashuka kwenye ndege, kwamba hakuna anayeweza kumuuliza kama amekula. Yeye Kireno alikipata ujanani, masomoni huko kwao kocha, na hakukiacha kipate kutu.

Kazi ilikuwa hivi. Kocha anaongea dakika moja, mbili. Yeye anachora alama zake kwenye daftari, mishale na herufi ambazo hata mumewe alishindwa kuzisoma. Kocha akinyamaza, anayasema yale yale kwa Kiswahili. Kocha akisema "mimi," naye husema "mimi." Mwanzoni waandishi walicheka kumsikia mama wa miaka hamsini na mbili akitamka, "Nimewaambia mabeki wangu wasipande hovyo." Akiwa na neno lake mwenyewe, alisema "mkalimani anasema," ili watu wasichanganye mdomo na mwenye maneno.

Wiki ya kwanza aliteleza. Kocha alisema winga ana mafua, na neno la Kireno la mafua linafanana sana na neno la Kiingereza la kufunga choo. Ulimi ukamponyoka. Kijana wa watu akashinda siku mbili akitumiwa ushauri wa kula mapapai. Mkutano uliofuata, kabla ya swali la kwanza, Mama Daftari alishika kipaza sauti akasema, "Mkalimani anasema alikosea. Winga alikuwa na mafua. Choo chake hakimhusu mtu." Ukumbi ulivunjika mbavu, na tangu hapo wakamwamini.

Sasa ikaja Jumamosi ambayo timu ilifungwa mbili bila ikiwa nyumbani, na mabao yote mawili yalipitia upande wa kushoto, alikochezeshwa yule yule winga kama beki. Mwandishi mmoja wa redio akauliza kwa nini. Kocha hakufoka. Alitabasamu nusu mdomo, kama mtu aliyechoka kuomba, akajibu polepole. Alisema ameomba beki wa kushoto tangu dirisha la usajili, akaletewa mapazia mapya ya ukumbi huu. Kijana hana kosa, aliyempanga ni yeye. Akamalizia kwa methali ya kwao: asiye na mbwa huwinda na paka.

Mama Daftari alikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja tu. Kule kwao methali ile haimtukani mtu. Maana yake ni kutumia kilichopo. Lakini akisema paka hapa, mbele ya kamera sita, kijana atabaki paka mpaka astaafu. Methali ya kwetu iliyomjia kwanza ilikuwa ukikosa la mama hata la mbwa huamwa, na hiyo aliitupa mbali kabla haijafika kooni. Ikaja nyingine, ya mtu aliyekosa mboga akajishikiza na chochote kilichopo. Akaweka kalamu chini, akatabasamu nusu mdomo kama kocha, sauti chini kama yake, akayasema yote: beki aliyeombwa, mapazia yaliyoletwa, kijana asiye na kosa. "Ndiyo hivyo," akamalizia, "mkosa kitoweo humangiria."

Waandishi walicheka kicheko cha uchungu, kile kile alichokitaka kocha. Msemaji wa klabu, aliyekaa mwisho wa meza, hakucheka. Mapazia yalikuwa wazo la mwenyekiti.

Asubuhi gazeti moja liliamka na kichwa cha habari: KOCHA AWAITA WACHEZAJI PAKA, MKALIMANI AFICHA. Mtu alikuwa amechukua sauti iliyorekodiwa, akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu yake, na simu ikamtolea paka mzima mzima. Baba wa winga akapiga simu klabuni akitaka kujua mwanawe amekuwa mnyama tangu lini. Kabla ya saa nne, msemaji alikuwa amemwita Mama Daftari ofisini na karatasi iliyokwisha kuchapwa.

Taarifa ilisema kocha hakutaja mapazia wala paka, kwamba maneno yote yale yalitokana na "hitilafu ya tafsiri," na kwamba mkalimani anaomba radhi. Chini palikuwa na mstari wa sahihi. Msemaji alimweleza kwa upole kwamba ni jambo dogo, kila mtu hukosea, na si aliwahi kukosea lile la mafua?

"La mafua lilikuwa langu," alisema. "Hili si langu, mwanangu. Siwezi kuomba radhi kwa kusema kweli."

Akairudisha karatasi juu ya meza bila kuikunja.

Nyumbani, mumewe, fundi wa friji, alimsikiliza huku akikaza skrubu. Akamwambia maji yakizidi unga yageuze uji. Asaini, wiki moja watu watasahau. Yeye akajibu kwamba watu watasahau, ila kila neno atakalosema baada ya hapo litakuwa neno la mtu anayesaini uongo. Mume akaweka bisibisi chini. Alimpigia pasi blauzi ya kuvaa kesho yake.

Mkutano wa kesho yake ulijaa hadi mlangoni. Msemaji alisoma taarifa yeye mwenyewe, bila sahihi, akaharakisha kufungua maswali. Mama Daftari akamnong'oneza kocha kwa Kireno kila kilichosomwa, bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Kocha aligeuka akamtazama msemaji. Kabla hajafungua mdomo, Mama Daftari alivuta kipaza sauti.

"Mkalimani anasema hakukosea. Kocha alisema paka, ndani ya methali. Kwao, asiye na mbwa huwinda na paka maana yake ni kutumia ulichonacho. Nikiwapa paka bila methali, nimewapa tusi ambalo hakulitoa. Nikiwaficha mapazia, nimewanyima lawama aliyoitoa. Sauti mnayo. Mpelekeeni mtu yeyote ajuaye Kireno, siyo simu."

Msemaji alinyoosha mkono achukue kipaza sauti. Mama Daftari alikiachia alipomaliza, si kabla.

Kocha aliongea kwa sentensi nne fupi, akiacha nafasi baada ya kila moja. Naye akazitoa moja moja, kwa "mimi" ile ile: "Mama huyu amesema nilichosema. Niliomba beki. Nililetewa mapazia. Kijana alijituma, na baba yake nitampigia leo."

Gazeti lilitoa masahihisho ukurasa wa kumi na nne, chini ya ratiba ya ligi. Baba wa winga alitulia. Beki wa kushoto hakuja, lakini karatasi ya hitilafu ya tafsiri haikuonekana tena popote.

Ijumaa Mama Daftari alikabidhiwa barua ya kusitishiwa kazi kwa kuwa "mahitaji ya klabu yamebadirika." Aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza ya msemaji. Akatoa kalamu, ile nyekundu ya enzi za ualimu, akazungushia ile r, akaandika l pembeni, akaisukuma barua irudi upande wa pili.

"Ichapeni upya," alisema, akavuta kiti akakaa. "Na sababu muiandike ile ya kweli. Nina muda."

Msemaji aliita karani. Mama Daftari akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akasubiri.