Ripoti za Mpwa Wangu

Nilikuwa likizo nyumbani Manundu, nimechoshwa na vikao vya ajira vya chuo, mpwa wangu alipokuja kutoka Handeni na wasifu wake wa kazi na kipande cha gazeti chenye tangazo la kazi. Chuo kingine kilitaka mhadhiri mwenye makala tatu kwenye majarida ya kitaaluma, na ruzuku ya utafiti aliyoipata kwa jina lake.

"Shikamoo mjomba. Naomba uupitie kabla sijautuma."

Orodha ya machapisho ilijaa kurasa. Nikaanza kukata. Ripoti ya malambo, ripoti ya mifugo, ripoti ya soko huria: zote kazi za wafadhili, hakuna mtaalamu wa nje aliyezipitia, hazihesabiki. Siku hizo kila msomi alikuwa mshauri wa mradi fulani. Ikabaki makala moja, iliyotokana na shahada yake ya uzamivu. Kwenye ruzuku, mradi mkubwa aliouweka juu kabisa ulikuwa wa profesa wa Ulaya. Yeye alisimamia wadodosaji tu. Kilichohesabika ni kile kiruzuku cha chuo alichokiweka chini kabisa, kama anakionea aibu.

"Basi geuza ripoti mbili ziwe makala," nilisema, hasira zikinipanda, sijui dhidi ya nani.

"Takwimu ni za wafadhili, mjomba. Nilisaini mkataba."

Akakusanya karatasi zake taratibu. "Kwa hiyo miaka yote hii sijaandika kitu?"

"Umeandika sana, baba," nikamwambia. "Ila vyote umeshauza."