Mwaka Ule Sikumhesabu Dada

Dada yangu alianza kazi kwenye kinu cha mafuta pale Bunda kabla sijamaliza darasa la saba, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mshahara wake. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nimeshachoka kulificha. Yeye alikuwa akishona magunia ya mashudu, makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta. Ijumaa alirudi nyumbani Guta na debe la mashudu ya ng'ombe, maana kila mfanyakazi wa kinu alipewa debe lake, na harufu yake ilikaa kwenye vitenge vyake hata baada ya kufuliwa. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Kaka zetu walikuwa wavuvi, na mvuvi ana hela leo, kesho hana. Mwenye hela ya kila mwezi alikuwa dada peke yake.

Nilipotoka chuoni na cheti changu cha uhasibu, nikaajiriwa hapo hapo, kwenye ofisi ya kiwanda cha chama cha wakulima. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mkulima analeta pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyochumwa. Mashine inaichambua, huku zinatoka nyuzi, huku zinatoka mbegu. Huwezi kupata nyuzi bila mbegu, wala mbegu bila nyuzi. Nyuzi zilifungwa marobota zikaenda zao. Mbegu, baada ya kutenga za kupanda, zilikuwa na njia mbili tu: kuuzwa getini kwa malori ya watu wa Mwanza, au kupelekwa kwenye kinu chetu upande wa pili wa uwanja, zikatoka mafuta na mashudu.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo mafuta ya kula yalipangiwa foleni, na sabuni nayo ilikuwa hivyo. Ungefikiri mtu mwenye kinu cha mafuta miaka hiyo analala usingizi mnono. Lakini kila msimu mhasibu mkuu wetu alitoa karatasi inayoonyesha kwamba kinu kinakula hasara, na msimu wangu wa kwanza akapendekeza kwa meneja kifungwe, mbegu zote ziuzwe getini.

Nilichukua karatasi yake nikaisoma mara tatu. Mzee yule alikuwa ameanzia kazi kwenye vituo vya kununulia pamba, miaka mingi nyuma ya mizani, na kwake kila kitu kilikuwa kilo. Basi bei aliyolipwa mkulima pamoja na gharama ya kuchambua aliigawa kwa uzito. Mbegu ni kama theluthi mbili ya uzito wote, kwa hiyo theluthi mbili ya gharama aliibwaga juu ya mbegu. Nyuzi, ambazo ndizo zenye thamani, zilibeba theluthi moja tu, zikaonekana zinazaa faida ya ajabu. Mafuta yakabeba mzigo usio wake, yakapiga magoti.

Nilikuwa kijana na nilikuwa na kiburi. Niliingia ofisini kwake nikamwambia kwamba kwa hesabu hiyo hata kuuza mbegu getini ni hasara, kwa hiyo tuzichome moto. Hakucheka. Nikapunguza sauti, nikamwomba anisikilize. Hela ya mkulima na ya kuchambua imeshatoka, nikamwambia. Imetoka tukikamua, imetoka tusipokamua, na namna yoyote ya kuigawa hairudishi hata senti. Cha kujiuliza ni viwili tu: tukikamua, kinaongezeka nini kwenye mapato, na kinaongezeka nini kwenye gharama.

Nikamwandikia. Mbegu ambazo getini zingeuzwa kwa shilingi mia moja, zikikamuliwa zinatoa mafuta na mashudu ya mia na themanini. Nyongeza ni themanini. Dizeli, madebe, magunia, vitambaa vya kuchujia na vipuri ni hamsini. Tunabaki na thelathini ambazo tusipokamua hatuzipati.

Akaipitia kwa kalamu nyekundu, akasimama kwenye mstari wa mwisho. Akasema nimesahau mishahara ya watu wa kinu.

Nikamjibu kwamba sikusahau. Miaka ile kumwondoa mtu kazini kwenye chama ilikuwa shughuli nzito, vikao juu ya vikao, na vibali ambavyo havikuwa vinatoka. Kinu kikifungwa watu wale wangehamishiwa kufagia uwanja, na mwisho wa mwezi wangepanga mstari dirishani kama kawaida. Mshahara unalipwa kote kote. Kwa hiyo haumo.

Meneja alinielewa haraka kuliko mhasibu mkuu. Kinu kikaendelea. Nilimsimulia dada jioni ile tukila, nikamweleza mpaka sehemu ya mishahara, najivuna, mdomo umejaa ugali.

"Kwa hiyo mimi si gharama," akasema.

"Kwenye hii hesabu, hapana."

Alicheka sana. Tangu siku hiyo ikawa utani wake. Nikimkuta uwanjani na sindano yake ya magunia aliwaambia wenzake wanisalimie vizuri, huyu ndiye aliyesema sisi hatuna gharama. Wale mama walinisalimia. Mmoja alinitumia jogoo, na nilimla bila aibu yoyote.

Msimu hadi msimu karatasi ile niliiandika mwenyewe. Mhasibu mkuu alistaafu, kiti chake nikakikalia mimi. Halafu mambo yakafunguliwa. Maduka yalijaa mafuta ya kutoka nje, ya rangi ya dhahabu, kwenye madumu ya plastiki yanayopendeza macho, na bei yake ilikuwa chini ya yetu. Hakuna aliyetaka tena mafuta yetu mazito ya pamba. Wakati huo huo wanunuzi binafsi waliingia, wengine na vinu vyao vipya, wakawa wanagombania mbegu getini. Bei ya mbegu ikapanda na bei ya mafuta ikashuka. Mimi nilikuwa katikati na kalamu yangu.

Nilifanya hesabu ile ile. Mbegu za shilingi mia getini sasa zilitoa mafuta na mashudu ya mia na hamsini tu. Nyongeza ni hamsini. Dizeli, madebe na vingine, arobaini. Inabaki kumi. Nilishusha pumzi. Kumi ni kumi, nikasema, kinu kinapumua.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua kutoka makao makuu ya chama. Ilisema viwanda sasa vinaruhusiwa kupunguza wafanyakazi wasiohitajika. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Maana yake niliijua kabla sijashika kikokotoo. Mshahara ulikuwa nje ya hesabu kwa sababu tulikuwa tukiulipa hata kinu kikilala. Sasa kinu kikilala haulipwi. Umekuwa gharama inayokuja na kukamua, kama dizeli. Mishahara ya watu wa kinu, kwa kipimo kile kile cha mbegu za shilingi mia, ilikuwa thelathini. Kumi toa thelathini.

Nilihangaika. Ningekuwa mtu wa kulia ningelia. Nilipandisha bei ya mashudu kidogo, nikaona najidanganya, nikairudisha. Nilikumbuka kiinua mgongo, nikafurahi, kwa sababu hiyo ni gharama halisi ya kufunga na lazima iwekwe upande wake. Nikaiweka. Kingerudi chote kwa mishahara isiyolipwa, kabla msimu wa pili haujaisha. Niliwaza kurudisha karatasi ya mhasibu wangu wa zamani na kuigeuza, kuzibwagia nyuzi mzigo wote ili mafuta yaonekane mepesi, lakini mimi ndiye niliyemfundisha meneja kwamba mgawo ule hauna maana. Hata kudanganya nilikuwa nimeshajizibia njia. Kilichonikera zaidi ni kwamba namba zilikuwa sawa. Laiti zingekuwa na kosa ningepata wa kugombana naye.

Meneja aliniuliza swali moja. Kama watu wanaondolewa, mishahara yao imo au haimo? Nilijifanya natafuta ukurasa, akaliuliza tena. Nikasema imo. Akasaini, akanisukumia nami nisaini.

Jumapili nilikwenda Guta. Dada alikuwa ameshasikia, habari kama hizo hazingoji mtu wa ofisini. Alikuwa ameanika mihogo, anaigeuza geuza bila sababu. Nilimwamkia, akaitikia. Nilianza kumweleza habari za bei, madumu, wanunuzi binafsi. Aliniacha nimalize.

"Mwaka ule si ulisemaga mimi si gharama, mdogo wangu?" akauliza. "Gunia ninashona lile lile. Mshahara ule ule. Sasa nimekuwa gharama kwa sababu gani?"

Nilimjibu kama nilivyomjibu mzee wa mizani. Nilisema kilichobadilika si yeye, ni kwamba sasa wanaweza kumwondoa.

Alinitazama. Hakukasirika, na hilo sijaweza kulisahau. Alisema, "Kumbe siku ile hukunitetea. Uliniruka tu." Kisha akaingia ndani kunitafutia kiti, maana nilikuwa mgeni na nilikuwa nimesimama.

Mbegu ziliuzwa getini. Msimu ule kiwanda kilipata zaidi kuliko kingepata kwa kukamua, kama nilivyoandika. Haikusaidia. Wanunuzi binafsi walichukua na pamba yenyewe, chama kikazama na madeni yake, kiinua mgongo kikalipwa nusu na nusu nyingine hatujaiona mpaka leo. Nami nilitolewa kwa barua fupi. Nikahamia Musoma, nikapata kazi ya kuandika vitabu vya hesabu vya duka moja la vifaa vya ujenzi pale Iringo.

Dada alikuwa amenitangulia. Alipanga chumba mtaa wa Kitaji, na asubuhi alikwenda kwenye geti la kiwanda cha samaki kununua mapanki, yaani mifupa ya sangara na vichwa vyake baada ya minofu kukatwa kupelekwa nje. Siku moja nilipita kwenye meza yake ya biashara. Alikuwa ana karai la mafuta yanayochemka, mafuta yale yale ya dumu la plastiki. Ubishi wa kazi ukanishika, nikamwuliza kwa nini asiyauze mapanki mabichi, aepuke joto lote lile.

Alinijibu bila kuinua uso. Yakikaangwa bei inaongezeka kwa kiasi fulani, akaitaja. Mafuta na mkaa vinakula kiasi fulani, akakitaja. Kinachobaki ni kidogo, lakini kipo.

"Na kazi yako je?" nikamwuliza. "Kutwa nzima kwenye moto."

"Mimi sijitiagi humo," akasema. "Nisipokaanga nitakaa tu, na kukaa hakumlipi mtu."

Nilisimama pale na miwani yangu imejaa mvuke, nikitafuta kosa kwenye hesabu yake. Sikuliona. Alinifungia vipande viwili kwenye gazeti, akakataa hela.